Karatasi ya Mama: wiki yangu ya kumwacha mtoto wa miezi sita na bibi yake

Mume wangu alipangiwa operesheni ya mgongo Dar es Salaam. Alihitaji mtu wa kukaa naye, ndugu zake wako mbali, na wodini watoto wachanga hawaruhusiwi. Nilipohesabu siku nikaona kwamba siku ya safari mwanetu atakuwa na miezi sita na siku tisa, na tangu azaliwe hajalala hata usiku mmoja bila ya ziwa langu. Nikampigia simu Mama, yuko Wete, Pemba. Hakuniacha nimalize. "Nakuja mie huko Unguja," alisema. "Mtoto asihamishwe."

Alikuwa na haki kuliko nilivyojua wakati ule. Nyumbani kwetu ndiko kuliko na friza, kliniki ya mtoto iko hatua chache kutoka mlangoni, na kitanda na chandarua ni vile vile alivyovizoea. Alipofika nilimpa karatasi tano nilizochapisha ofisini, na zilikuwa na kila kitu, mpaka namna ya kukunja nguo. Alizishika, akazitazama, akaziweka chini ya mkeka. Kesho yake zilikuwa bado zipo pale pale.

Nilichukia. Nilidhani ananiona mtoto wa juzi nimfundishe malezi yeye aliyelea saba. Usiku nikakumbuka jambo ambalo sikupaswa kulisahau. Mama skuli aliiacha darasa la pili. Herufi za kirumi huzisoma kwa kuzitafuta moja moja. Lakini chuo cha Kurani alikihitimu, na Kiswahili kikiandikwa kwa hati za Kiarabu hukisoma bila ya kusita. Barua zake na marehemu Baba, alipokuwa akifanya kazi Mombasa, zote ziliandikwa kwa hati hizo. Karatasi zangu tano zilikuwa zimeandikwa kwa ajili yangu mwenyewe.

Basi tukaanza upya. Tulikaa ukumbini, mimi nikasema, yeye akaandika kwa mkono wake kwa hati anazozijua. Ilichukua jioni mbili. Kila alipoona jambo halimkai alisimamisha kalamu, tukazungumza. Kwenye asali tulizungumza sana, kwa sababu sisi sote kwetu tulilambishwa. Nilimweleza kwamba asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda lakini la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haliviwezi, na vikamea humo na kutoa sumu inayolegeza viungo. Hakubali jambo kwa kuambiwa tu. Aliniuliza kama nesi wa kliniki naye anasema hivyo, tukaenda pamoja, nesi akamwambia yale yale, akarudi akaandika. Karatasi tano ziligeuka moja, mbele na nyuma, na tukaibandika kwenye mlango wa friji.

Kubwa la karatasi ile lilikuwa maziwa, kwa hiyo nitaeleza hesabu yake.

Mtoto anayenyonya tu, wa umri huu, hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku. Wengine hupungukia, wengine huzidi. Kwa siku saba ni lita tano na robo. Nilipopata hesabu hii zilikuwa zimebaki siku 26, na nikaona ni nyingi. Hazikuwa nyingi. Nilinunua pampu ya mkono kwa shilingi 45,000 na mifuko ya kuhifadhia, nikawa nakamua alfajiri baada ya mtoto kunyonya, wakati maziwa yanapokuwa mengi. Siku za mwanzo nilipata mililita 80, baadaye 150, siku nzuri 200. Siku chache kabla ya safari nilihesabu nikaona kwamba siku ya kuondoka friza itakuwa na mililita 3,900. Nilipungukiwa na 1,350, yaani kama mililita 190 kwa siku. Nililia jikoni, nikaona nimeshindwa hata kabla sijaondoka. Nesi ndiye aliyenituliza: pengo hilo ni vikombe vidogo viwili au vitatu vya maziwa ya kopo kwa siku, na huyu mtoto sasa ameanza na uji. Kopo tulilifungua nikiwa bado nyumbani ili kama litamdhuru tumbo nilione kwa macho yangu. Kwenye karatasi Mama aliandika kijiko kimoja cha kopo kwa kiasi kile kile cha maji kilichoandikwa, maji yaliyochemka, asiongeze maji ili kopo lidumu, na kitakachobaki kikombeni kimwagwe.

Kama ningeanza upya ningeanza kukamua wiki sita kabla. Na ningegandisha kidogo kidogo tangu mwanzo. Mifuko yangu ya kwanza niliijaza mililita 200, na mfuko ukishayeyuka haurudishwi kugandishwa. Kile kisichonywewa ndani ya saa 24 kinamwagwa. Mifuko ya mililita 60 na 100 haikutupotezea chochote.

Siku nne kabla ya safari tulifanya jaribio. Nilitoka nyumbani baada ya alfajiri nikarudi magharibi, na nikamwomba Mama afuate karatasi kana kwamba niko Dar. Siku ile moja ilitufunza mengi. Kwanza, mtoto alikataa chupa katakata. Alilisukuma titi la mpira kwa ulimi, akalia mpaka akakauka sauti. Mama hakubabaika. Alichukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akampakata wima kwenye paja, akamfunga kanga mikono isiparaze, akaegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini mpaka maziwa yakagusa mdomo tu. Hakumimina. Alimngoja. Kitoto kikatoa ulimi, kikaonja, kikaanza kulamba kama paka. Niliporudi nilipima kikombe kile kwa bomba la dawa: kinachukua mililita 60. Tangu hapo karatasi ikaacha kuzungumza mililita ikazungumza vikombe: 12 kwa siku, tisa au kumi vya maziwa yangu na viwili au vitatu vya kopo. Kikombe ni rahisi pia kuoshwa, hakina shingo wala mpira wa kujificha uchafu.

Pili, Mama alimwaga mfuko mzima wa maziwa. Aliona juu tabaka la mafuta ya manjano na chini maji maji, akasema yamekatika. Hayakukatika. Maziwa ya mama yakitulia hujitenga hivyo, na ukiyazungusha taratibu yanachanganyika. Yaliyoharibika kweli yananuka uchachu na hayachanganyiki. Uchungu wa mfuko ule siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajawahi kukamua saa kumi ya usiku, lakini bora ulivyomwagika siku ya jaribio, mfuko mmoja, kuliko wiki nzima. Tukaongeza mistari mitatu: mfuko wa tarehe ya zamani utangulie, upashwe moto ndani ya bakuli la maji ya moto, si motoni, maziwa yaliyokwisha kupata mdomo wa mtoto yasikae zaidi ya saa mbili.

Chakula tulikifupisha. Mtoto alikuwa ameonja vitu vitatu tu mbele yangu: uji mzito wa mchele, boga la kuchemsha lililopondwa, na ndizi mbivu. Karatasi ikasema hivyo hivyo vitatu, vijiko viwili au vitatu vya chai mara mbili kwa siku, bila chumvi wala sukari, na kisiingie kipya wiki ile hata kimoja. Sababu yake ni kwamba akitoka vipele au akiharisha, Mama ajue si chakula kigeni. Boga, Mama alilipatia kuliko mimi.

Jumamosi tuliondoka na boti ya asubuhi. Kifua kilianza kunivuja kabla hatujafika bandarini Dar.

Sasa nieleze kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kwenye sehemu ya homa nilimsemea Mama maneno haya, naye akayaandika kama nilivyosema: "Akipata homa nipigie kwanza. Mpe dawa mililita 4 kila saa 6." Dawa ilikuwa paracetamol ya maji, ile yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kipimo kile daktari alikipiga kwa uzito wa mtoto, kilo 7.2. Kwenye bomba nilitia mstari wa rangi ya kucha nyekundu penye 4. Nikaona nimemaliza.

Jumatatu mume wangu aliingia chumba cha operesheni baada ya adhuhuri. Simu yangu ilizimika chaji nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, na sikuwa hata na fikra ya kuitafutia umeme. Nilipoiwasha ilikuwa saa tatu na nusu za usiku. Simu kumi na moja kutoka kwa Mama, ya kwanza magharibi.

Mtoto alikuwa na homa. Mama alikuwa amempima kwapani kama nilivyomwonyesha, ikasoma 38.4. Akanipigia, kwa sababu karatasi inasema nipigie kwanza. Hakunipata. Akangoja. Nilipompigia nilimuuliza amempa dawa saa ngapi. Kulikuwa kimya kidogo upande wa pili, kisha akasema, "Bado, mwanangu. Umesema kila saa sita. Nangoja saa sita."

Nilisimama pale koridoni nikajua sina wa kumlaumu. Kwetu sisi saa sita ni saa sita: ya mchana jua likiwa utosini, na ya usiku. Mama aliielewa lugha yake sawasawa. Mimi ndiye niliyesema maneno ya chupa ya dawa nikadhani nimesema Kiswahili. Nilitakiwa kusema "ukishampa, pasipite chini ya muda wa saa sita kabla hujampa tena". Na lau ingekuwa kinyume chake? Lau ningesema "kila saa 2" na akadhani ni mara mbili kutwa, au dawa ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku akaipa kila baada ya saa mbili? Ya kwetu yalikuwa mtoto kuungua saa tatu bila ya sababu. Dawa hii ikizidi huumiza ini, na mtoto mdogo hawezi kukwambia.

Alimpa dawa pale pale nikiwa kwenye simu. Akaniambia pia kwamba jirani amesema ni meno. Mtoto alikuwa anatokwa na udenda kweli, lakini meno hayapandishi homa mpaka 38.4. Na paracetamol hushusha joto tu, haitibu kilicholileta. Visiwani malaria imepungua sana, watu wameisahau, lakini haijaondoka, na homa ya mtoto yataka kupimwa siku ile ile. Nilimuuliza yale manne ambayo kliniki hutufunza: ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na degedege? Amelegea au haamki? Alikuwa amekunywa vikombe viwili baada ya isha, hatapiki, macho yanamfuata mtu. Kisha nikamwomba amfunue kifua ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Umri huu, pumzi 50 na zaidi kwa dakika ni hatari. Mama alihesabu kwa tasbihi, punje moja kila kifua kinapoinuka. Zilikuwa 38. Nikapumua na mimi.

Baada ya alfajiri alimpeleka kliniki. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, sikio moja lilikuwa jekundu, akapewa dawa. Jumatano homa ilikwisha.

Jumanne ile ile asubuhi tuliandika upya sehemu ya homa kwa simu, nami nikamwomba anisomee alichoandika badala ya mimi kumuuliza "umeelewa?" Kila mtu humwitikia mwanawe kwamba ameelewa. Alivyosoma ndivyo nitakavyoiandika hapa:

"Mtoto akiwa wa moto, mpime. Ikifika 37.5, mvue nguo nzito na umnyweshe mara kwa mara. Ikifika 38 au akihangaika, mpe dawa mpaka mstari mwekundu. Andika wakati uliompa. Ukimpa magharibi, usimpe tena mpaka saa sita na nusu ya usiku ipite. Kutwa na kucha isizidi mara nne. Chupa ikimwagika usinunue nyengine bila ya kumwonyesha muuza dawa karatasi hii, maana nguvu zake hazilingani. Kliniki mpeleke siku hiyo hiyo. Akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea, au akihema mbio, toka naye wakati huo huo, hata usiku wa manane. Mpigie kijana wa gari aliye nyumba ya tatu. Kisha ndio unipigie mimi."

Mstari wa mwisho ndio ningeuweka mwanzo kama ningekuwa na akili siku ile. Anayemlea mtoto asifungwe na simu ya mtu aliye mbali. Nilimwachia kijana wa gari shilingi 30,000 kabisa, ili Mama asije akasita kwa ajili ya nauli. Pesa haikutumika, akairudisha.

Alhamisi umeme ulikatika. Hili tulikuwa tumelitazamia, na hapa karatasi ilifanya kazi yake. Kabla ya safari nilijaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, zikaganda, kwa sababu friza iliyojaa hushika ubaridi kama siku mbili mlango ukiwa umefungwa, na iliyo nusu siku moja. Kisha niligandisha maji katika bilauri, nikaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, nikairudisha ndani. Barafu ikiyeyuka sarafu huzama, na hata maji yakiganda tena sarafu hubaki chini, kwa hiyo inasema ukweli hata kama umeme ulikatika na kurudi wakati mtu amelala. Mama alitumia mifuko miwili iliyokuwa chini kwenye friji, friza hakuifungua hata mara moja kwa saa 14. Umeme uliporudi alifungua, akanipigia. "Shilingi yako iko juu," alisema. Maziwa yalikuwa mawe.

Kuhusu mwili wangu niliandika mengi ya mtoto nikajisahau. Ziwa lisilokamuliwa hujaa, likawa gumu, na linaambiwa na mwili lipunguze maziwa. Nilikuwa nimejipangia kukamua kila baada ya saa tatu au nne. Jumatatu ile, kwa operesheni na kwa khofu, sikukamua tangu asubuhi mpaka usiku. Jumanne ziwa la kushoto lilikuwa na donge jekundu, linauma hata nguo ikiligusa, na mimi mwenyewe natetemeka kwa homa. Nilikandwa, nikakamua mpaka donge likalainika, na daktari akanipa dawa. Maziwa yote ya Dar niliyamwaga kwenye sinki la choo cha wodi, kwa kuwa sikuwa na pa kuyahifadhi. Kumwaga kule kuliniuma kuliko ziwa. Anayesafiri hivi achukue pampu mkononi mwake, si ndani ya sanduku, na aweke kengele ya simu kwa ajili ya kukamua kama anavyoweka ya sala.

Tulirudi Jumamosi ya pili. Friza ilikuwa na mifuko minne. Mtoto alinitazama akiwa begani kwa bibi yake, akauficha uso shingoni mwake. Ziwa alilikataa usiku ule akataka kikombe, na nikampa kikombe, maana Mama alinishika mkono akaniambia nisimlazimishe. Tulilala naye kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, alfajiri akalitafuta mwenyewe huku hajaamka sawasawa. Siku mbili alichanganya kikombe na ziwa, ya tatu akarudi kama zamani.

Mama alipoondoka aliibandua karatasi kwenye friji, akaikunja akaitia kwenye mkoba. Dada yangu wa Chake anajifungua mwezi ujao. Pembeni ya ile hesabu ya vikombe 12 ameongeza kwa mkono wake mstari ambao sikumsemea: mtoto ashikwe wima, asimiminiwe, angojwe.